Kisima Kilichokarabatiwa na Sarufi

Mwaka jana, wakati wa likizo ndefu ya chuo, nilipata kibarua cha kuandika mihtasari. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na ripoti nyingi za miradi ya maji na watu wachache wa kuzisoma. Makubaliano yalikuwa mepesi: ripoti moja, muhtasari wa ukurasa mmoja, malipo kila Ijumaa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, nasoma isimu ya Kiswahili. Kulipwa kwa kusoma na kuandika niliona ni bahati ya mtende.

Ripoti tano za kwanza zilikwenda vizuri. Ya sita ilikuwa tathmini ya visima virefu vya pampu za mkono katika kata kadhaa za wilaya moja. Nilipoifungua, orodha ya yaliyomo ilinivutia mara moja. Ilikuwa na kurasa tatu, imepangwa kwa namba mpaka ngazi ya nne, na kila kitu ambacho mtu angetaka kujua kuhusu visima kilikuwa na mahali pake: utangulizi, mbinu za ukusanyaji wa data, historia ya visima, hali ya visima baada ya ukarabati, mapendekezo kwa halmashauri, kwa jumuiya za watumia maji, na kwa wafadhili. Baada ya orodha hiyo ilifuata orodha ya majedwali, kisha orodha ya vifupisho. Nikashuka chini kutafuta maelezo. Nilikuta vichwa. Chini ya kichwa, kichwa kingine. Chini ya hicho, nafasi nyeupe.

Ilikuwa Alhamisi jioni, na malipo yalikuwa kesho yake. Niliandika muhtasari kutokana na vichwa.

Nataka kuuhakiki muhtasari huo kama ambavyo ningehakiki maandishi ya mtu mwingine, kwa sababu mpaka leo sijasoma maandishi yangu yaliyonifundisha zaidi ya hayo. Ulikuwa na aya tatu. Hii ni sentensi ya katikati: “Ripoti inaeleza hali ya visima vilivyokarabatiwa katika kata zote na kutoa mapendekezo kwa halmashauri, jumuiya za watumia maji na wafadhili.” Isome tena. Ni Kiswahili safi. Hakuna hata neno moja ambalo sikulitoa kwenye vichwa. Na karibu yote ni uongo.

Tuanze na sehemu ya mapendekezo, maana kosa lake linaonekana haraka. Sura ya Tano ilikuwa na vichwa vidogo vitatu, kila kimoja kikitaja watu wanaopaswa kupewa mapendekezo. Chini yake hapakuwa na chochote. Mimi niliandika kwamba ripoti “inatoa mapendekezo.” Kichwa ni kama sahani iliyowekwa mezani. Nilihesabu sahani tatu nikatangaza kwamba wageni wamekula.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona, na ndilo lililoleta madhara. Kichwa cha 4.3 kilisema: Hali ya visima baada ya ukarabati. Tazama neno “ukarabati.” Ni nomino. Haisemi nani alikarabati, wala lini, wala kama kazi hiyo ilifanyika. Ukarabati unaweza kuwa wa mwaka juzi, unaweza kuwa wa mwaka kesho, unaweza kuwa kwenye mpango ambao hautatekelezwa kamwe. Nomino inabeba yote hayo bila kulalamika. Lakini mimi nilihitaji sentensi, na sentensi ya Kiswahili haitaki nomino peke yake. Kwa kawaida inataka kitenzi, na kitenzi mara nyingi kinadai mambo mawili kabla hakijakubali kusimama: kiambishi cha nafsi au ngeli, na kiambishi cha njeo. Mara nyingi unachagua kati ya -li-, -na-, -me- na -ta-, au unakanusha, kwa mfano kwa -ja-. Ni vigumu kupita bila kuonekana.

Mimi nilipita kwa kitenzi kilichovaa urejeshi: “vilivyokarabatiwa.” Ndani ya neno hilo moja kuna -li-. Nilichukua kichwa kisicho na wakati nikakipa wakati uliopita. Hakuna aliyenituma. Sikuwa na ushahidi. Sarufi ilinidai njeo nami nikalipa kwa fedha ya bandia.

Jambo hili kwangu ndilo kiini cha tatizo la kufupisha andiko lenye vichwa vitupu. Tunadhani hatari ni kuacha vitu, kwa kuwa tumezoea kwamba muhtasari ni kupunguza. Kumbe andiko la namna hii halipunguziki. Huwezi kulifupisha bila kuliongezea, kwa sababu kila kichwa unachokigeuza kuwa sentensi kinapata mtenda, wakati na uhakika ambao hakikuwa nao.

Ofisini, muhtasari wangu ulifupishwa tena. Mtu alitengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila ripoti, ili lisomwe katika mikutano ya kata. Mstari wa ripoti yangu ulisema: “Visima vimekarabatiwa.” Sasa -li- yangu imekuwa -me-, ambayo kwa Kiswahili ina maana kwamba jambo limekwisha na matokeo yake bado yapo. Ukisema chai imepoa, ni kwamba ukiinywa sasa hivi utaikuta ya baridi. Ukisema kisima kimekarabatiwa, ni kwamba ukienda sasa hivi na ndoo utapata maji.

Nilichukuliwa kwenda kwenye mmoja wa mikutano hiyo kama msaidizi wa kubeba makaratasi. Mstari uliposomwa, mama mmoja aliyekaa safu ya pili, mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji chake, alinyoosha mkono. Alimsalimu mwenyekiti, akaomba radhi kwa kukatiza, kisha akauliza: “Kisima kipi?”

Mwenyekiti akasema visima vya kata.

“Mimi naulizia hicho kilichokarabatiwa,” alisema mama yule. “Maana cha kwetu mpini wa pampu umeondolewa tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Fundi aliuchukua akasema anakwenda kuuchomelea. Kama umerudishwa, naomba nielekezwe ulipo.”

Watu walicheka, naye hakucheka. Baada ya mkutano nilimfuata. “Shikamoo mama.” “Marahaba, mwanangu.” Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika muhtasari ule. Alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayetaka kweli kujua: “Uliona wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona kwenye orodha ya yaliyomo.

Niliporudi chuoni nilitaka kujua kama kosa ni la ripoti ile tu au ni la vichwa vyote. Kipimo kizuri ni andiko ambalo vichwa vyake tunavyo na mwili wake tunao pia, ili mtu afupishe vichwa kwanza kisha afungue ndani na kujisahihisha. Nilichagua Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari mwaka huo. Lina sehemu tano: Imani ya TANU, Siasa ya Ujamaa, Siasa ya Kujitegemea, Uanachama, na Azimio la Arusha.

Jaribu kuzifupisha sehemu hizo ukiwa umefunika kurasa za ndani. Tatu za kwanza zinakupa kitu. Ya nne inakupa mada tu. Ya tano inakupa jina la kitabu chenyewe, yaani haikupi chochote. Mfupishaji mwenye haraka angeiruka, akidhani ni hitimisho.

Sasa fungua. Ndani ya sehemu hiyo ya tano ndimo yalimo masharti ya uongozi: kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Na “kiongozi” hapo anahesabiwa pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Haya ndiyo maneno yaliyoingia moja kwa moja kwenye mifuko ya watu, nayo yamekaa chini ya kichwa kilichokuwa kimya kuliko vyote. Kichwa kidogo kilichoyatangulia kinataja uongozi tu. Hakitaji nyumba wala mishahara.

Orodha inaficha pia uzito. Katika orodha, Uanachama na Siasa ya Kujitegemea zinachukua mstari mmoja mmoja, kama ndugu wa umri mmoja. Ndani, ya kujitegemea ndiyo ndefu kuliko zote, na ya uanachama ni fupi sana. Mtu anayefupisha orodha atazigawia sentensi sawa, na usawa huo utakuwa umetungwa na yeye.

Lakini Azimio lilinivurugia pia nadharia yangu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba dawa ni kichwa chenye kitenzi. Vichwa vingi vidogo vya Azimio si nomino, ni kauli kamili. Kimoja kinasema tuko vitani. Kingine kinaonya kwamba zawadi na mikopo itahatarisha uhuru wetu. Vichwa kama hivyo vinafupishika, nikawaza, kwa sababu mwandishi amekwisha kulipa njeo mwenyewe. Halafu nikafika kwenye kile kinachosema, kwa wakati uliopo, kwamba njia kuu za uchumi ziko mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Ukikichukua kama habari, utaandika kwamba siku ile, Februari 5, benki zilikuwa mali ya umma. Hazikuwa. Kutaifishwa kwake kulitangazwa siku iliyofuata, Februari 6. Ukisoma aya zilizo chini ya kichwa hicho unaelewa kuwa kinaeleza nchi ya ujamaa inavyopaswa kuwa. Hakiripoti Tanganyika wala Zanzibar ya asubuhi ile. Kitenzi kilikuwepo, njeo ilikuwepo, na bado ni aya ya chini tu iliyoweza kuniambia kama ninasoma taarifa au nia.

Kwa hiyo nilirudi kwenye ripoti ya visima na kuanza upya, safari hii nikiisoma kama mhakiki badala ya mtu anayesubiri Ijumaa. Nilijiuliza jambo ambalo nilipaswa kujiuliza mwanzo: andiko hili linaweza kunithibitishia nini hasa?

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulinganisha namba za kurasa. Orodha ya yaliyomo ilisema Sura ya Nne inaanza ukurasa wa 41 na Sura ya Tano ukurasa wa 58. Faili zima lilikuwa na kurasa 27. Wanaotumia kompyuta kuandika tasnifu wanajua sababu yake: programu huitengeneza orodha hiyo yenyewe kutokana na vichwa, lakini haibadilishi namba mpaka uiambie isasishe. Orodha iliyokuwa mbele yangu ilitengenezwa wakati faili lilikuwa refu zaidi, au ilikuja na kiolezo kilichonakiliwa kutoka ripoti nyingine. Yote mawili yanawezekana, na tofauti yake ni kubwa mno. Kama faili lilikuwa refu likakatwa, basi mahali fulani kuna kurasa zinazoeleza pampu ya mama yule. Kama ni kiolezo, “ukarabati” ule ni wa visima vya watu wengine kabisa. Andiko lenyewe haliwezi kuamua.

Kisha nikatazama orodha ya majedwali. Ilitaja majedwali tisa. Ndani nilikuta mawili, na moja lilikuwa na vichwa vya safu tu: jina la kijiji, kina cha kisima, aina ya pampu, hali. Visanduku vilikuwa vitupu. Hilo la pili lilikuwa limejazwa, nalo lilionyesha idadi ya wahojiwa kwa kila kijiji. Nilikuwa nimelipita mara ya kwanza kwa kuwa halikuwa na mvuto. Lilikuwa mojawapo ya vitu vichache vilivyokuwa na ukweli ndani yake.

Mwisho nilihesabu aya. Katika faili zima zilikuwa saba: tano kwenye utangulizi, moja ikieleza kwamba mahojiano yalifanywa kwa dodoso, na moja, chini ya kichwa cha historia ya visima, ikisema vilichimbwa kwa awamu mbili. Baada ya hapo, kimya.

Hapo ndipo nilipokutana na swali la sarufi kwa mara nyingine. Nitauandikaje ukimya? Sentensi ya kwanza iliyonijia ilikuwa “Mapendekezo hayajaandikwa.” Inaonekana ya kweli na ya unyenyekevu. Lakini -ja- ya ukanushi ina ahadi ndani yake. Mtoto hajalala ni mtoto ambaye tunamtarajia alale. Kusema mapendekezo hayajaandikwa ni kusema yanakuja, nami sikujua kama yanakuja. Nikajaribu “Hakuna mapendekezo.” Hiyo nayo ilizidi upande wa pili, kwa maana msomaji angeelewa kwamba watathmini walitafakari wakaona hakuna la kupendekeza. Nikajaribu “Sikuona mapendekezo.” Hii inatupa mashaka kwenye macho yangu, kana kwamba mtu mwingine akiangalia vizuri atayaona. Ingefaa kama ningekuwa nimepewa kurasa za mwanzo tu za kitabu kizima. Mimi nilipewa faili lote.

Niliishia kwenye kiambishi kidogo cha mahali ambacho tunakitumia kila siku bila kukishukuru: -mo. “Mapendekezo hayamo.” Hayamo ndani ya faili hili. Kama yako kwingine, sentensi yangu haipingi. Kama hayako popote, haipingi pia. Inasema mahali nilipoangalia na nilichokosa mahali hapo, basi.

Muhtasari wa pili ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza. Huu hapa:

“Faili hili lina kurasa 27 na sehemu kubwa ni vichwa vya sura na orodha ya yaliyomo. Lina aya saba. Aya hizo zinaeleza lengo la tathmini, zinasema mahojiano yalifanywa kwa dodoso, na kwamba visima vilichimbwa kwa awamu mbili. Jedwali moja linaonyesha idadi ya wahojiwa kwa kila kijiji. Vichwa vinaonyesha kwamba ripoti ilipangwa kueleza pia hali ya visima na kutoa mapendekezo, lakini maelezo hayo hayamo. Jedwali la hali ya pampu lina safu zilizotajwa na visanduku vitupu. Namba za kurasa katika orodha ya yaliyomo zinafika 58 na zaidi, kwa hiyo orodha hiyo haikutokana na faili hili lilivyo sasa. Faili haliwezi kuonyesha kama kurasa ziliondolewa au orodha ilinakiliwa. Neno ‘ukarabati’ linatokea katika kichwa tu. Kutokana na faili hili haiwezekani kusema kama kisima chochote kimekarabatiwa.”

Niliutuma ofisini pamoja na barua ya kuomba radhi. Nilijibiwa kwamba muhtasari wa namna hiyo hausaidii, kwa sababu hausemi hali ya visima. Nilielewa walichotaka. Jedwali lao lina safu ya matokeo, na safu ikibaki tupu mtu ataulizwa. Kisanduku kitupu kina nguvu ileile iliyonivuta Alhamisi ile: kinadai kujazwa. Bila shaka ndivyo pia alivyojisikia aliyeandaa ripoti, akiweka vichwa kwanza na kujiambia maelezo yatafuata.

Hata hivyo mstari ulifutwa. Nilipopiga simu kuuliza kijiji cha yule mama kimewekwa wapi, niliambiwa orodha ya matengenezo ya msimu ule ilikuwa imekwisha kufungwa, na kijiji chake hakikuwemo kwa kuwa kilihesabiwa miongoni mwa vilivyokarabatiwa. Kingeingizwa kwenye orodha ya mwaka unaofuata. Niliuliza kama kimekwisha kuingizwa. Aliyepokea simu alisema, “Kitaingizwa.”

Niliiandika -ta- ile kwenye daftari langu na tarehe ya siku hiyo pembeni yake, ili nitakapopiga tena nijue nauliza kuhusu nini.